Mahindi ya zambarau: Mama Nafula na Baba Otieno wazungumzia chokaa

(Hotuba niliyoitoa mbele ya vikundi vya wakulima waliokutana karibu na soko la Luanda, mpakani mwa Vihiga na Siaya. Nimeiandika karibu kama nilivyoisema.)

Itifaki imezingatiwa, na nawashukuru mama zetu walioamka alfajiri kutupikia chai.

Niliitwa kuja na slaidi za utunzaji wa udongo. Ninazo, ziko 42 ndani ya kompyuta ile, na stima kama mnavyoona imekwenda zake. Sijasikitika sana. Slaidi zile zinagusa kila kitu: matuta, mboji, matandazo, mzunguko wa mazao, na jambo linaloguswa kwa sentensi mbili halimsaidii mtu mwenye jembe mkononi. Kwa hiyo nimechukua slaidi tatu tu, zile za chokaa ya kilimo, nikazigeuza mazungumzo ya majirani wawili. Mmoja ni Mama Nafula, wa upande wa Vihiga. Mwingine ni Baba Otieno, wa upande wa Siaya. Wametenganishwa na ua wa michongoma, na Kiswahili ndicho wanachokutania. Msianze kuangaliana, si watu waliopo hapa. Nimewatunga mimi.

Ni mwezi wa tano. Mahindi yamefika magotini. Baba Otieno amesimama kwenye ua akitazama shamba lake kama mtu anayetazama mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa karo.

"Mama Nafula, hebu njoo uone. Majani yana rangi ya zambarau pembeni, kama yamepakwa wino. Na nimeweka mbolea ya DAP! Nusu mfuko wa kilo 50 kwa nusu ekari, vile karatasi inasema. Mwaka jana nikaambiwa niliweka kidogo. Mwaka huu sijapunja hata shimo moja."

"Zambarau ni njaa ya fosforasi, Baba Otieno."

"Fosforasi si ndiyo hiyo DAP yenyewe?"

"Ndiyo. Mfuko umeandikwa 18-46-0, na hiyo 46 ndiyo upande wa fosforasi. Umeiweka, lakini mmea hauipati. Lete jembe."

"Si ung'oe tu?"

"Nikivuta, ncha za mizizi zitabaki chini, na ncha ndizo ninazotaka kuona."

Nawaomba tusimame hapa kidogo, maana jambo hili mnaweza kulifanya leo jioni bila senti. Mama Nafula anachimba mzunguko wa upana wa sufuria kuuzunguka mmea mmoja, anauinua na bonge lake, anautia ndani ya beseni la maji na kuutikisa polepole mpaka udongo uachie wenyewe. Kisha anaulaza juu ya gunia. Mzizi wa mhindi mzima ni mweupe, mrefu, umejaa vinyweleo vyembamba kama vya mahindi mabichi. Wa Baba Otieno ni mfupi na mnene, ncha zake za kahawia, butu, kama kidole kilichobanwa na mlango. Matawi ni machache. Mizizi yote imekaa kwenye udongo wa juu, haijathubutu kushuka.

"Nini kimeikula hii mizizi? Mdudu?"

"Inaweza kuwa mdudu. Inaweza kuwa udongo uliogongwa ukawa mgumu. Na zambarau yenyewe huja pia baridi ikizidi au maji yakituama. Lakini shamba lako halituami maji, udongo wako ni mlaini, na ni mwaka wa tatu unalia kilio hiki hiki. Mimi naona asidi."

Baba Otieno ananyamaza. Halafu anasema neno ambalo nimelisikia kwenye kila baraza nililowahi kuhudhuria: "Hii DAP imeharibu mashamba yetu."

Jibu lake ni ndiyo na hapana, nami sipendi tulikimbie. Udongo wetu huku magharibi ni wa zamani, na mvua ni nyingi. Ukienda Kakamega mwaka mmoja hupata karibu milimita 1,800 au zaidi. Maji yakipita ardhini miaka na miaka huosha kalsiamu na magnesiamu na kuzishusha chini, mbali na mizizi, na asidi inashika nafasi yake. Hiyo ilianza kabla babu zetu hawajaona mfuko wa mbolea. Kisha tunavuna mahindi, tunabeba na mabua kwenda kulisha ng'ombe, na ndani ya mabua imo kalsiamu iliyobaki. DAP inaongezea juu ya hayo: naitrojeni yake imo katika hali ya amonia, na vijidudu vya udongo vikiigeuza kuwa nitrati, asidi hutoka. Kwa hiyo DAP haikuanzisha ugonjwa, ila mwaka baada ya mwaka, bila kitu cha kuuzuia, inausukuma mbele.

Turudi kwenye ua.

"Asidi hiyo ndiyo inayokata mizizi?"

"Anayeikata ni alumini. Imo udongoni siku zote, imelala, haina neno na mtu. Kipimo cha asidi, pH, hushuka asidi ikizidi. Udongo ukishuka chini ya pH 5.5 hivi inaanza kuamka, na ikifika 5 kwenda chini inayeyuka ndani ya maji yanayonywewa na mizizi. Ncha ya mzizi ikiigusa inaacha kurefuka. Hiyo ni hasara ya kwanza. Ya pili ni kwamba alumini na chuma huishika ile fosforasi uliyonunua na kuifungia. Unalipa agroveti, alumini anakula."

"Basi niongeze DAP mpaka alumini ashibe."

Kuna aliyecheka hapo nyuma, lakini Baba Otieno si mjinga. Kuna watu wanaofanya hivyo hivyo kila msimu, na mwaka mmoja mmoja inaonekana kama imefaulu. Mama Nafula anamjibu kwa upole.

"Shibe yake itakumaliza wewe kwanza. Afadhali alumini irudishwe usingizini. Kazi hiyo ni ya chokaa."

Sasa nisisitize jambo moja nikiwa nje ya mazungumzo. Chokaa haichukui nafasi ya mbolea. Mtu akitia chokaa kisha apande bila samadi wala mbolea, amefungua mlango wa ghala ambalo halina kitu. Inachofanya ni kupunguza asidi, na udongo ukipanda kufika 5.5 au 6 alumini inaganda tena, fosforasi inaachiliwa kiasi, na mizizi inashuka. Tena hatutaki kuifikisha 7. Kwa mahindi na maharagwe, katikati ya 5.5 na 6.5 panatosha.

Baba Otieno anauliza swali la mwanamume mwenye haraka: "Niweke mifuko mingapi?"

"Sijui."

"Si wewe ulitia kwako?"

"Nilitia kwangu. Udongo wako siujui. Hata pH ikitoka sawa na yangu, udongo mzito wa mfinyanzi unahitaji chokaa nyingi kuliko wa kichanga, maana umeficha asidi nyingi ndani yake. Upime kwanza."

Na huu ni mwezi wa tano, amekwisha tia DAP kwenye mistari. Akichukua udongo sasa anaweza kuokota chembe za mbolea, na kipimo cha maabara kikadanganya. Anangoja avune mwezi wa nane. Katikati ya mwezi wa tisa Mama Nafula anamletea ndoo.

"Mbona ya plastiki? Ninayo ya bati nzuri."

"Ya bati ina zinki, nayo itaingia kwenye kipimo. Na hii haijawahi kubeba mbolea."

Wanatembea shambani kwa mtindo wa nyoka, kona hadi kona, wakisimama mara 15. Kila kituo wanafagia majani ya juu, wanachimba shimo la urefu wa sentimita 20, yaani kama kiganja kilichokunjuliwa, kisha wanakata kipande chembamba ukutani mwa shimo kutoka juu hadi chini. Wanaruka kichuguu. Wanaruka pale palipokuwa zizi mwaka juzi, na chini ya mti wa mwembe, na ukingoni mwa njia. Baba Otieno anataka kuchukua zaidi upande wa chini kwa sababu ndio mbaya zaidi. Mama Nafula anamwambia upande huo ukiwa tofauti kabisa utiwe kwenye mfuko wake peke yake, usichanganywe.

Ndoo ikijaa wanavunja mabonge, wanachanganya, wanamimina juu ya gunia safi, wanagawa kama keki vipande vinne, wanatupa viwili vinavyotazamana, wanachanganya vilivyobaki na kugawa tena, mpaka ibaki nusu kilo. Inakaushwa kivulini. Anayeikausha mekoni juu ya moto amepika kipimo chake. Kisha mfuko unaandikwa jina, shamba, kina, na zao atakalopanda. Wapo wanaopeleka KALRO Kakamega, wapo wanaotuma Kabete, na wapo watu binafsi wanaozunguka na mashine. Mimi nawaambia tu: popote unapopeleka, karatasi itakayorudi iseme kiasi cha chokaa kwa hekta au kwa ekari. Nambari ya pH peke yake haitoshi kununulia.

Karatasi ya Baba Otieno inarudi: pH 4.9, chokaa tani 2 kwa hekta.

"Hekta mimi sina. Nina nusu ekari."

"Hekta ni kama ekari mbili na nusu. Tani mbili ni kilo 2,000. Gawa."

Baba Otieno anachora mchangani kwa kijiti. Kilo 800 kwa ekari. Kilo 400 kwa nusu ekari. Mifuko minane ya kilo 50.

"Minane! Mimi nilidhani ni kama mbolea, nusu mfuko."

Hapa ndipo wengi wetu tunapovunjika moyo, na sitawadanganya kwamba ni mzigo mdogo. Jiwe la chokaa linachimbwa hapo Koru, si mbali, lakini jiwe ni zito na usafiri unaweza kuishinda bei ya mfuko wenyewe. Ndiyo maana nawauliza kila mara bei ya mlangoni, si ya kiwandani. Lori moja la kikundi huwa nafuu kuliko bodaboda 20. Faraja yake ni kwamba hutii kila msimu. Kiasi kama hicho hufanya kazi miaka mitatu, minne hivi, ndipo unapima tena. Na asiye na uwezo wa nusu ekari afanye robo kwa kipimo kamili. Kilo 100 zilizonyunyizwa juu ya ekari nzima sijaona zikibadili kitu, isipokuwa kumfanya mwenyewe aseme chokaa ni uongo.

"Kwani jivu la mekoni halifai? Hilo ni la bure."

"Linafaa, lina nguvu ya chokaa kidogo na potasiamu juu yake. Lakini badala ya kilo moja ya chokaa unaweza kuhitaji kilo mbili, tatu, hata nne za jivu. Utapikia wapi kuni za kutoa tani moja ya jivu? Liweke kwenye sukuma wiki nyuma ya nyumba, tena usirundike mahali pamoja."

Siku ya kununua, Mama Nafula anachukua kijiko na chupa ndogo ya siki. Sokoni kuna unga mweupe wa kila namna. Kuna chokaa ya kupaka ukuta, iliyochomwa. Hiyo ni kali: ile ambayo haijazimwa ikiguswa na maji hupata moto, na hata iliyozimwa inachoma ngozi na macho. Kilo 56 za ile mbichi ya tanuri zina nguvu sawa na kilo 100 za jiwe lililosagwa, kwa hiyo anayeitia kwa kipimo cha Baba Otieno anaweza kuunguza shamba. Kuna jasi, nayo ina kalsiamu lakini haipunguzi asidi. Na kuna chokaa halisi iliyosagwa vibaya.

Anamimina siki juu ya kijiko cha unga. Inatoa povu na kuchacharika kama soda iliyofunguliwa. Hiyo ni kabonati. Jasi ingenyamaza. Chokaa ya dolomiti, ile yenye magnesiamu, inatoa povu polepole, kwa hiyo msiikatae haraka. Isogeze sikioni usikilize, au pasha siki moto kidogo. Kisha anachukua unga kidogo katikati ya kidole gumba na cha shahada, anausugua. Uwe laini kama unga wa ugali. Ukisikia changarawe, kuna kilo hapo unazolipia zitakazoyeyuka mjukuu wako akiwa chifu.

Mwezi wa kwanza, wiki ya pili. Shamba limelimwa mara moja. Baba Otieno ana kipande cha mita 40 kwa 50, ambacho ni nusu ekari kasoro kidogo tu.

"Sasa nirushe kama mbegu za wimbi?"

"Ukirusha hivyo utaanza na mkono mzito na utamaliza mifuko katikati. Kata shamba. Mfuko mmoja ni mita 10 kwa 25."

Wanavuta kamba, wanapigilia vigingi. Vinatokea vipande vinane. Mama Nafula anamwambia aache kimoja bila chokaa.

"Kwa nini nikinyime?"

"Ili mwaka huu mvua ikiwa nzuri usije ukasema ni chokaa, na ikiwa mbaya usije ukailaumu."

Kwa hiyo mifuko ni saba, na Baba Otieno anafurahi kuliko alivyopaswa. Asubuhi mapema kabla ya upepo, wamefunga leso puani. Kila mfuko unamiminwa nusu kwenye karai, unatawanywa ukitembea kwa urefu. Nusu ya pili unatembea kwa upana, ukikata nyayo zako za kwanza. Udongo mwekundu unageuka kama uliomwagiwa unga. Kisha siku hiyo hiyo wanageuza kwa jembe, kwenda chini sentimita 15 hadi 20, na kuvuta mpaka weupe upotee. Anayekwaruza juu tu amejaza dawa yote ya sentimita 20 kwenye tabaka la sentimita 5: juu panakuwa na chokaa ya kupita kiasi, na chini mizizi inakutana na alumini ile ile.

Nimefika kwenye aibu yangu. Mwaka wangu wa kwanza nilinunua chokaa sawasawa, nikapima sawasawa, halafu mvua ikanikuta bado iko ghalani. Nikasema, hasara ya nini. Nikaitia siku ya kupanda, ndani ya shimo, juu ya DAP, nikachanganya kwa kidole na kuweka mbegu. Baada ya siku mbili tatu nilisikia harufu kama ya choo cha shule asubuhi. Ilikuwa amonia, naitrojeni yangu ikipaa hewani. Kalsiamu nayo ilishika fosforasi pale pale shimoni. Nilikuwa nimefanya kwa mikono yangu kile nilichokuwa namlaumia alumini. Mahindi yaliota manyonge, na nilikaa kimya mbele ya majirani msimu mzima. Chokaa inahitaji unyevu na muda ili iyeyuke: wiki tatu au nne kabla ya kupanda ni kiasi cha chini, miezi miwili ni bora. Na haichanganywi na DAP, urea wala CAN, si kwenye shimo wala kwenye mfuko.

Baba Otieno anapanda mwezi wa tatu mvua ikishika. Mahindi na maharagwe. Mbolea ni kiasi kile kile cha mwaka uliopita, kwenye kila kipande, hata kile kilichonyimwa. Ya kukuzia anatumia CAN.

Wiki ya sita ananguruma tena kwenye ua.

"Mama Nafula! Mahindi yamenyooka, lakini si sana kama ulivyoniahidi."

"Mimi sikukuahidi. Lete jembe."

Wanachimba mhindi mmoja kwenye kipande kilichonyimwa na mmoja kwenye kipande cha kando kilichotiwa chokaa. Beseni mbili. Wa kwanza una vile vidole butu. Wa pili mizizi yake ni myeupe, imechanua, mmoja umeingia chini mpaka Mama Nafula ameukata kwa jembe kwa bahati mbaya. Kisha wanachimba maharagwe, ambayo ndiyo kwanza yanatoa maua. Yale ya kipande kilichonyimwa yana vifundo viwili vitatu mizizini, vidogo, vya kijivu. Yale ya kwenye chokaa yana vingi, na Mama Nafula anapasua kimoja kwa ukucha. Ndani ni chekundu kama nyama mbichi.

"Hiyo ni nini?"

"Humo ndimo bakteria wanautengenezea mmea naitrojeni kutoka hewani. Wakiwa hai ndani huwa na rangi ya damu. Asidi hawaiwezi."

Mimi huwaambia watu waangalie maharagwe kabla ya mahindi. Mahindi msimu wa kwanza yanaweza kuonyesha tofauti ya wastani, hasa chokaa ikiwa haijayeyuka yote, na msimu wa pili ndio unaoleta cheko. Maharagwe yanasema mapema.

Baba Otieno sasa amechangamka kupita kiasi. "Mwakani naweka mara mbili! Na ile robo ya majani chai nayo."

"Wacha! Chai inapenda asidi. pH 5 kwake ni nyumbani. Ukiitia chokaa utaiona inageuka njano. Mihogo nayo inavumilia, isikutoe pesa kwanza. Na viazi mbatata vikitiwa chokaa nyingi vinaota magamba ya ukurutu."

"Na kwenye mahindi, mara mbili ina ubaya gani?"

"Ikipita 6.5 inafungia zinki. Utaona majani machanga ya katikati yana mistari mipana ya weupe pande mbili za mshipa mkuu. Utadhani ni ugonjwa, utanunua dawa."

"Na lile gugu la kayongo kule chini? Litakufa?"

"Kayongo ni kesi nyingine, Baba Otieno. Chokaa haiui kayongo. Hiyo tuizungumze siku yake."

Nami nasema hivyo hivyo, kwa sababu kuna wauzaji wanaokuja hapa na kipaza sauti wakisema mfuko wao unatibu yote matatu: asidi, kayongo na viwavi. Mkiwaona, waambieni wamwage siki mbele yenu.

Kuna swali lililonifikia kwa kikaratasi, la samadi. Samadi na mboji vinasaidia kweli. Vitu vyake vya kuozea vinaikamata alumini kabla haijafika kwenye mzizi, na mwenye ng'ombe wawili asiache kuitia. Mama Nafula mwenyewe anatia debe moja kwa kila mita kumi za mstari. Lakini kwenye pH 4.9 samadi ya ng'ombe wawili haitoshi kuirudisha nusu ekari juu, ila inaifanya chokaa idumu na DAP ipungue. Mabua akiyaacha shambani, au akiyarudisha kupitia zizini, ni kalsiamu isiyotoka nyumbani.

Baba Otieno amebakiwa na swali moja, na ni la hesabu. Kile kipande alichokinyima, mfuko wa nane, aununue lini? Mama Nafula amemwambia aache mpaka avune, apime magunia ya kipande hicho na cha kando yake kwa mizani, si kwa macho, kisha aamue mwenyewe. Amekubali kwa shingo upande. Nasikia ameshauweka mfuko ghalani, juu ya mbao, mbali na ukuta wenye unyevu.

Katibu ana daftari pale chini ya mti. Aliye na karatasi ya maabara aandike kilo zake, na upande wa nyumbani lori litakapofika. Asiye nayo, ndoo mbili za plastiki ziko hapa mezani, na zote ni mpya. Aliye na swali aanze, mama wa kitambaa cha kijani uliinua mkono kabla yangu kumaliza.